Kosa Liko Mstari wa Ngapi?

Aliyefundisha Tukuyu anavijua vipindi vya mchana vya mwezi wa nne. Wingu linashuka kutoka Mlima Rungwe, mvua inaanza kugonga bati, na kwa nusu saa nzima hakuna sauti ya mwalimu inayofika dawati la tatu. Nilizoea kusimama na chaki mkononi nikisubiri ikatike. Siku moja nilichukua daftari nililokuwa nimelisahihisha usiku, nikanakili ubaoni hesabu yenye kosa bila kutaja mwenye daftari, nikaandika chini yake: "Kosa liko mstari wa ngapi?" Kidato cha Pili, watoto zaidi ya sitini, waliinamia madawati. Mvua ilipokatika nikakuta mabishano makali, na yote yalikuwa juu ya alama moja ya kutoa mbele ya mabano. Mabishano ya namna hiyo sikuwahi kuyapata kwa kuwapa hesabu kumi za kukokotoa.

Tangu hapo nimetunga maswali mengi ya aina hii, na si machache niliyatunga vibaya. Makala hii ni kwa mwalimu mwenzangu wa hisabati anayetaka kuyatunga. Sitagusa kila tawi la aljebra. Nitachukua mlinganyo mmoja wenye mabano, nikuoneshe jinsi swali linavyojengwa kutoka mwanzo, mahali linapoharibikia, na namna ya kujua kwamba limeharibika.

Kwanza tutenganishe makosa ya aina mbili, maana tukiyachanganya kazi yote inapotea. Liko kosa la mkono: mtoto anajua saba mara nane ni hamsini na sita, ila kaandika hamsini na nne kwa haraka. Ukimrudishia daftari analiona mwenyewe, anajichekea na kulifuta. Na liko kosa la fikra: mtoto anafuata kanuni aliyonayo kichwani, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Huyu ukimwambia "angalia tena", ataangalia tena na kuandika kilekile, kwa sababu machoni pake hakuna kilichoharibika. Swali la kutafuta kosa limetungwa kwa ajili ya huyu wa pili. Ukiweka ndani yake kosa la mkono, umewapa wanafunzi mchezo wa kutafuta sindano, nao watatoka darasani na macho makali na kanuni mbovu ileile.

Kwa hiyo kosa usilibuni mezani. Litoe kwenye madaftari. Mimi huanza kwa kuandika ubaoni swali moja tu la kukokotoa, kila mtu alifanye kwenye kipande cha karatasi, kisha nakusanya. Swali ninalolitumia sana ni hili:

8 − 2(x − 4) = 12

Jibu sahihi ni 2. Namba hizi hazikuja zenyewe. Nilizitafuta jioni nzima, nikijaribu kosa moja baada ya jingine, mpaka kila kosa ninalolifahamu likazaa jibu lake peke yake, na kila jibu likawa namba kamili. Mtoto anayetoa kwanza, yaani anayefanya 8 − 2 kuwa 6 halafu akazidisha mabano kwa 6, anapata 6. Anayezidisha vizuri lakini akasahau kwamba hasi mara hasi ni chanya, akaandika 8 − 2x − 8, anapata −6. Anayeizidisha namba ya nje kwa x peke yake na kuiacha 4 kama ilivyo, akaandika 8 − 2x − 4, anapata −4. Na yule anayeiacha 4 bila kuizidisha ila akakumbuka kubadili alama, akaandika 8 − 2x + 4, anapata 0.

Unaona faida yake. Sihitaji kusoma hesabu sitini mstari kwa mstari. Natazama jibu la mwisho, naziweka karatasi kwenye mafungu mezani, na kila fungu linanieleza watoto hao wanafikiri nini. Darasa la watoto sitini napanga kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Majibu yasiyoingia fungu lolote nayaweka kando, kwani mara nyingi hayo ni makosa ya mkono. Kisha nachukua fungu kubwa kuliko yote, na hilo ndilo litakalokuwa swali la kesho.

Jambo la namba kamili lina sababu yake. Watoto wetu wamejifunza, bila mtu kuwafundisha, kwamba hesabu ya mwalimu huishia kwenye namba nzuri. Wakiona x = 10/3 wanajua mara moja kuna kitu, wala hawahitaji kuelewa chochote. Hesabu yenye kosa inapaswa kuishia kwenye jibu linaloonekana safi kama jibu la kweli, ili mtoto asiwe na njia ya mkato ya kulishuku.

Tuseme fungu kubwa ni la −6. Hesabu nitakayoiandika ubaoni ni hii:

(1) 8 − 2(x − 4) = 12
(2) 8 − 2x − 8 = 12
(3) −2x = 12
(4) x = −6

Mistari ina namba, ili mtoto aliye nyuma aweze kusema "mstari wa pili" bila kuja ubaoni kunyoosha kidole. Kila mstari una hatua moja. Ukibana hatua mbili katika mstari mmoja, utapata mabishano kuhusu hatua iliyorukwa badala ya mabishano kuhusu kosa. Kosa ni moja tu, na kila kilichoandikwa baada yake ni sahihi kabisa kulingana na mstari uliotangulia. Jambo hili la mwisho walimu wengi hulisahau. Mstari wa (3) hapo juu hauna kosa lolote: kutoka 8 − 2x − 8 hakika unapata −2x. Jibu la mwisho si la kweli, lakini mstari wake hauna hatia. Mtoto anayejua kulitenganisha jibu baya na mstari wenye kosa ameshajifunza jambo kubwa, naye hawezi kulijifunza kama umetapanya makosa matatu ndani ya hesabu moja.

Hapa nieleze swali nililoliharibu, kwa sababu kosa langu lina mafunzo mengi kuliko nilivyopenda. Nilitaka kuonesha kosa la kutoa kwanza. Nikaandika hivi:

(1) 8 − 2(x − 3) = 6
(2) 6(x − 3) = 6
(3) x − 3 = 1
(4) x = 4

Nikawaambia wahakiki jibu kwa kulirudisha kwenye mlinganyo wa mwanzo, kisha watafute kosa. Wakarudisha 4: nne kutoa tatu ni moja, mara mbili ni mbili, nane kutoa mbili ni sita. Imekubali. Binti mmoja akasimama na kusema, "Mwalimu, jibu ni sahihi, hakuna kosa." Nilikokotoa upya mbele yao kwa njia sahihi na kweli nikapata 4. Njia mbovu na njia nzuri zilikutana kwenye jibu moja. Sababu nilikuja kuiona baadaye: kwenye mlinganyo huo mabano yanakuwa na thamani ya 1, na ukizidisha kwa 1, ni mamoja utoe kwanza au uzidishe kwanza. Hilo hutokea kila mara namba ya upande wa kulia inapolingana na tofauti ya zile namba mbili za kushoto. Hapo 8 kutoa 2 ni 6, na kulia palikuwa na 6. Kwa hiyo kabla hujaandika swali ubaoni, lifanye mwenyewe mara mbili kwenye karatasi, mara moja kwa njia sahihi na mara moja kwa kosa lako. Majibu yakilingana, badili namba.

Sasa tuje kwenye kile unachowaomba wanafunzi wafanye. Ukiandika "tafuta kosa" pekee, watafanya jambo moja ambalo halina faida: wataiacha hesabu ya ubaoni, watakokotoa yao kutoka mwanzo, waandike x = 2, na kukaa. Jibu ni sahihi, lakini kosa hawajaligusa. Anayejua tayari ataonesha kwamba anajua, na asiyejua atanakili kwa jirani. Mimi huuliza mambo manne kwa mpangilio huu, na nayapa alama sita. Je, jibu la mwisho linakubaliwa na mstari wa kwanza? Alama moja. Ni mstari gani wa kwanza kuharibika? Alama moja. Aliyefanya hesabu hii alikuwa anafikiri nini, na kwa nini fikra hiyo haifai? Alama mbili. Endelea kutoka hapo mpaka jibu la kweli. Alama mbili. Mtoto aliyekokotoa upya bila kugusa maswali ya kati hawezi kuvuka alama tatu, na darasa likishajua hivyo linaacha tabia hiyo ndani ya wiki mbili.

Swali la pili, la mstari gani, lina njia ya kulijibu ambayo hata mtoto dhaifu anaiweza, nami nakusihi uifundishe. Lichukue jibu baya, −6, ulirudishe kwenye kila mstari, kuanzia chini kwenda juu. Mstari wa (3): −2 mara −6 ni 12, unakubali. Mstari wa (2): −2 mara −6 ni 12, kwa hiyo 8 kuongeza 12 kutoa 8 ni 12, unakubali. Mstari wa (1): −6 kutoa 4 ni −10, mara 2 ni −20, na 8 kutoa −20 ni 28. Unakataa. Basi kosa limeingia kati ya mstari wa (1) na wa (2). Jibu baya linapatana na mistari yote iliyoandikwa baada ya kosa, na linagombana na iliyoandikwa kabla yake. Mtoto hahitaji kulijua jibu sahihi ili kuipata sehemu iliyovunjika. Nimeona watoto ambao hawajawahi kupata vema hata moja kwenye milinganyo wakiuelekeza mkono kwenye mstari sahihi kwa njia hii, na kuanzia hapo wako tayari kusikiliza maelezo.

Kipimo hiki kina mipaka, nawe uijue kabla wanafunzi hawajakuwahi. Mfano wangu mbovu wa juu ni mpaka wa kwanza. Wa pili unakuja mkifika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Mtoto ana x² = 5x, anagawanya pande zote kwa x, anabaki na x = 5. Rudisha 5 kwenye mistari yote, itakubali yote. Hapo jibu halikuharibika, limepungua: 0 nayo ni jibu, na ilipotea pale alipogawanya kwa kitu ambacho kingeweza kuwa sifuri. Kosa la namna hiyo uliulize kwa maneno mengine: "Ni jibu gani limepotea, na limepotea mstari gani?"

Swali la tatu, la fikra, ndilo gumu, na hapo ndipo kipindi kinapoliwa. Watoto watakuandikia "amekosea alama". Hiyo ni kutaja mahali, sababu bado. Mwambie aandike sentensi inayoanza na "Alidhani kwamba..." Utapata vitu kama "Alidhani kwamba ile alama ya kutoa ni ya mbili tu, haimhusu nne." Hayo ni maelezo kamili. Na hapa niseme wazi kuhusu lugha. Mtoto wetu amesoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, wengine nyumbani wanazungumza Kinyakyusa, na sekondari anakutana na Kiingereza cha darasani na cha mtihani. Ukimlazimisha aeleze fikra ya mtu mwingine kwa lugha anayoisaka neno kwa neno, utapata sentensi aliyoikariri. Mimi nawaacha waseme na waandike kwa Kiswahili kwanza. Sentensi ikishatulia, tunaitafuta pamoja namna yake ya mtihani, na hiyo inachukua dakika tano.

Yuko atakayebaki haoni kwa nini hasi mara hasi iwe chanya, hata akishaonyeshwa mstari. Kanuni ya alama haimsaidii, kwa sababu ni kanuni juu ya kanuni. Huyo mpeleke sokoni. Mama ana shilingi 20,000. Ananunua mikungu mitatu ya ndizi yenye bei moja, na muuzaji anampunguzia shilingi 1,000 kwa kila mkungu. Anarudishiwa chenji 8,000. Bei ya mkungu kabla ya kupunguziwa ilikuwa ngapi? Mlinganyo ni huu:

20,000 − 3(x − 1,000) = 8,000

Sasa waoneshe hesabu ya mtu aliyeandika 20,000 − 3x − 3,000 = 8,000, akapata x = 3,000. Waulize: ile 3,000 iliyotolewa ni ya nani? Muuzaji amempunguzia mama 1,000 mara tatu, kwa hiyo mama amebaki na 3,000 zaidi mkononi kuliko kama asingepunguziwa. Aliyeandika − 3,000 amemnyang'anya mama punguzo lake na kumtoza juu yake. Mtoto wa Kiwira au wa Ushirika aliyewahi kutumwa sokoni anaikataa hesabu hiyo kabla hujamaliza kuisoma. Akirudisha 3,000 anaona kila mkungu ungeuzwa 2,000, mitatu ni 6,000, na chenji ingekuwa 14,000. Sahihi ni + 3,000, na bei ni 5,000. Ukimrudisha kwenye 8 − 2(x − 4) baada ya hapo, anajua ile + 8 imetoka wapi.

Jambo jingine la kuamua ni kama umtafutie mtoto mstari wenye kosa au umwache autafute. Watafiti wawili wa Kijerumani, Große na Renkl, walilichunguza mwaka 2007 kwa mifano ya hesabu za uwezekano. Waliokuwa na msingi mzuri walifaidika kwa kutafuta wenyewe kosa na kulisahihisha. Waliokuwa na msingi hafifu walifaidika zaidi pale kosa lilipokuwa limeoneshwa waziwazi, wakabakiwa na kazi ya kueleza na kurekebisha. Hesabu zao hazikuwa za mabano wala hawakuzijaribia Rungwe, lakini nilichokiona darasani kinafanana na hicho. Kwa mada mpya, au kwa Kidato cha Kwanza ambao wameanza juzi kuitumia x, piga mstari chini ya hatua yenye kosa na useme: "Hapa pameharibika. Kwa nini?" Uwindaji wa kosa usubiri mpaka watoto wengi waweze kuifanya hesabu ya aina hiyo wenyewe, hata kama wanakosea mara kwa mara. Anayewinda bila kuijua njia atakamata mstari wowote unaotofautiana na mazoea yake, hata ulio sahihi. Utamtambua kwa sentensi yake: ataandika "sisi hatufanyi hivi".

Walimu huniuliza kama kosa lililoandikwa ubaoni halitagandia vichwani. Linaweza kuganda, ukifanya uzembe. Mimi nafuata mambo mawili. Kwenye daftari, ukurasa unagawanywa kwa mstari wa kati: kushoto hesabu yenye kosa, kulia hesabu iliyosahihishwa, mistari ikitazamana, na mstari wenye kosa unakatwa kwa kalamu kabla kengele haijalia. Na ubaoni siachi kamwe hesabu mbovu mwisho wa kipindi. Nafuta ile ya kushoto, inabaki ya kulia, hata kama mwalimu anayenifuata atalazimika kuifuta yeye. Pia, kila baada ya maswali matatu au manne naweka hesabu isiyo na kosa lolote, nikiuliza maswali yaleyale manne. Watoto waliozoea kwamba lazima pawe na kosa watalitengeneza wao. Anayethubutu kuandika "hakuna kosa, nimehakiki" nampa alama zote.

Na jina la aliyekosea lisijulikane. Nakili kwa mwandiko wako, badili namba ikibidi, usitumie jina la mtoto yeyote wa shule hiyo hata kwa mfano. Katika wilaya yetu watoto wa darasa moja ni ndugu na majirani. Kosa la asubuhi linafika nyumbani kabla ya mwenye nalo.

Nimesema kosa litoke kwenye madaftari, lakini lipo moja ambalo limetoka kwetu walimu. Sote tumefundishwa na tumefundisha MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tazama inavyomfikisha mtoto mtiifu:

(1) 9x − 4x + 2x = 21
(2) 9x − 6x = 21
(3) 3x = 21
(4) x = 7

Amejumlisha 4x na 2x kwanza, kwa sababu JU inatangulia TO. Amefuata tulichomfundisha herufi kwa herufi. Rudisha 7 kwenye mstari wa kwanza: 63 kutoa 28 kuongeza 14 ni 49, si 21. Jibu la kweli ni 3, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na vinafanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Nusu nyingine ya neno haina madhara hayo: ukitanguliza kugawanya kabla ya kuzidisha, jibu halibadiliki. Ni JUTO pekee inayoumiza. Ukiwapa wanafunzi swali hili, usiwaache waandike "alikosea mpangilio". Waambie waseme ni neno gani lilimpotosha, kisha wewe ukiri mbele yao kwamba neno hilo ni la kwetu na linahitaji maelezo ya ziada. Nilipokiri hivyo, nilipata sentensi za "Alidhani kwamba..." zilizo nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Mwalimu ambaye ndiyo kwanza anaanza kazi na hana madaftari ya kutosha ana hazina nyingine. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake mna picha za majibu yenyewe kama watahiniwa walivyoyaandika kwa mkono, mazuri na mabaya, pamoja na maelezo ya mahali walipokosea. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Chukua picha moja ya jibu baya kwenye swali la aljebra, lipunguze mpaka libaki na kosa moja, na umepata swali. Na zile jumuiya za kujifunza za walimu zilizo chini ya MEWAKA ni mahali pazuri pa kubadilishana: kila mwalimu wa hisabati wa kata aje na fungu lake kubwa la wiki hiyo, basi. Wenzetu wa msingi wakikaa nasi tutaona pamoja makosa gani yanapanda nao kutoka Darasa la Sita na la Saba. Ningependa pia wanachuo wa ualimu wa Tukuyu na Mpuguso wapewe kazi hii wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, waje na mafungu badala ya andalio la somo peke yake.

Utajuaje kama swali limefanya kazi? Vema za siku hiyohiyo usiziamini, kwani kila mtu ametoka kulisikia jibu. Subiri wiki moja, wafundishe mambo mengine, kisha siku moja mwanzoni mwa kipindi uandike hili bila kusema neno:

9 − 3(x − 6) = 18

Nalo nimelitengeneza kwa namna ya lile la kwanza. Jibu sahihi ni 3. Aliyetoa kwanza atakuletea 9. Aliyesahau alama atakuletea −9. Aliyeiacha 6 bila kuizidisha na bila kubadili alama ataleta −5, na aliyebadili alama tu ataleta −1. Kusanya karatasi, panga mafungu, uyaweke kando ya yale ya mwanzo na uhesabu. Kama fungu la −9 limepungua kuliko lilivyokuwa lile la −6, swali lako lilifika. Kama fungu hilo limepungua lakini la 9 limenenepa, watoto wamehama kutoka kosa moja kwenda jingine, na hilo jipya ndilo swali lako la wiki ijayo. Kama hakuna kilichobadilika, rudi kwenye sentensi zao za "Alidhani kwamba..." uzisome tena moja moja, maana mara nyingi utakuta ulifundisha kosa tofauti na lile walilokuwa nalo.

Anza na darasa moja na mlinganyo mmoja. Karatasi sitini, mafungu matano, na chaki.